Mhuri wa SIRI unamwambia nini anayeombwa muhtasari?

Mtu ameachishwa kazi. Mwajiri amemkabidhi mkataba wa kuachana wenye kurasa 14, na juu ya kila ukurasa kumeandikwa kwa herufi nzito: SIRI. Ana siku 21 za kuamua kama atatia saini. Lugha ya mkataba ni ya kisheria, vifungu vinaelekezana huku na huku, na kila anaposoma ukurasa wa nne anajikuta amesahau wa pili. Usiku anaupakia kwenye programu ya akili unde na kuomba mambo mawili tu: afupishiwe, na aambiwe anatakiwa kufanya nini na lini. Anachorudishiwa ni kukataliwa kwa upole. Waraka una alama ya siri, kwa hiyo hauwezi kufupishwa, na anashauriwa aonane na mwanasheria.

Waraka huo ni wake. Jina lililomo ni lake, na saini inayosubiriwa ni yake. Hakuna mtu duniani mwenye haki kubwa zaidi ya kuelewa kilichoandikwa humo. Na siku zinahesabika: akikaa wiki mbili akitafuta wa kumsomea, zimebaki saba.

Naandika makala hii kwa sababu nimeona kukataa kwa namna hii kukitetewa kama uangalifu, na mimi siuoni uangalifu ndani yake. Nilifanya kazi masjala ya siri miaka mingi. Mafaili yaliyopita mikononi mwetu yalikuwa na mihuri mingi kuliko bahasha za posta, na kazi yetu ya kila siku ilikuwa hiyohiyo inayokataliwa leo: kusoma, kufupisha, kumwandalia mkubwa karatasi moja badala ya arobaini. Karani ambaye angerudisha faili akisema hawezi kulifupisha kwa kuwa limeandikwa SIRI angehesabiwa hajaijua kazi. Na yule ambaye angelifupisha kisha akauacha muhtasari wazi juu ya meza naye angehesabiwa hajaijua. Kati ya hao wawili ndipo ustadi ulipokuwa, na ndipo ulipo hata sasa msomaji anapokuwa ni programu.

Tuanze na mhuri wenyewe. Neno SIRI juu ya ukurasa ni agizo kwa aliyeushika waraka: uhifadhi hivi, umwonyeshe fulani, usimwonyeshe fulani. Halisemi aliyeushika ni nani, wala halisemi kama anao kihalali. Halisemi hata kama yaliyomo ni nyeti. Ofisi nyingi zimeweka alama hiyo kwenye kiolezo cha waraka, kwa hiyo ratiba ya mkutano, orodha ya vifaa na taarifa ya madai mazito hutoka zote zikiwa na alama moja. Barua pepe nyingi zina aya ya mwisho inayodai usiri hata pale zinapotangaza sherehe ya kumuaga mtumishi. Kwa upande mwingine, orodha ya wagonjwa na vipimo vyao inaweza kufika ikiwa haina alama yoyote. Anayeamua kwa kutazama mhuri peke yake atakosea pande zote mbili: atakataa ratiba ya mkutano na kumwaga orodha ya wagonjwa.

Wanaoishughulikia siri kwa uzito mkubwa kuliko sisi sote hawakuufanya mhuri kuwa kizuizi cha kufupisha. Amri ya Rais wa Marekani namba 13526 ya mwaka 2009, inayosimamia siri za dola yao, ina madaraja matatu ya usiri, na inamtambua wazi mtu anayechukua habari ya siri na kuifupisha au kuiandika upya kwa maneno mengine. Hawamwambii asifanye. Wanamwambia muhtasari wake urithi alama ya ule waraka alikoutoa. Tena nyaraka zao hutiwa alama aya kwa aya, ili anayefupisha ajue aya ipi ni ya siri na ipi haina siri. Akifupisha zile zisizo na siri tu, anachokipata nacho hakina siri. Wataalamu wa usalama wa kompyuta nao hubadilishana taarifa zenye alama za rangi za mfumo wa Traffic Light Protocol, kama `TLP:RED`, `TLP:AMBER`, `TLP:GREEN` na `TLP:CLEAR`, na kila alama inasema jambo moja: aliyepokea anaruhusiwa kumpelekea nani. Nyekundu ina maana taarifa iishie kwa waliokusudiwa kuipata. Kijani ina maana inaweza kusambaa ndani ya jamii ya wanaohusika. Hakuna hata moja inayosema usielewe ulichopokea.

Kwa hiyo swali sahihi mbele ya mhuri ni hili: unachokilinda ni nini, na muhtasari huu unakwenda wapi? Swali la kama tufupishe au tusifupishe huja baadaye, na mara nyingi halina haja ya kuja kabisa.

Hapa kuna jambo ambalo watetezi wa kukataa hawalitazami. Hatari ya kupakia waraka wa siri iko pale pale unapopakiwa. Faili likishaondoka kwenye simu au kompyuta ya mtu, limekwenda kwenye seva za kampuni inayoendesha programu. Litahifadhiwa kwa muda ambao masharti ya akaunti yanasema, na kama mpangilio wa akaunti unaruhusu, linaweza kutumika kufundishia mifumo ya baadaye. Programu ikikataa kufupisha baada ya hapo haijarudisha hata herufi moja nyumbani. Maji yakimwagika hayazoleki. Mwenye waraka anakuwa amebeba hatari yote ya kuutuma na hajapata faida yoyote ya kuutuma.

Mwaka 2023 kampuni ya Samsung iliwazuia wafanyakazi wake kutumia programu za aina hii kwenye vifaa vyake baada ya kugundua kwamba baadhi yao walikuwa wamepakia humo msimbo wa ndani wa kampuni. Kilichowatia wasiwasi ni kwamba data yao ilikuwa imekaa kwenye seva za watu wengine, na kuirudisha au kuifuta kulikuwa kugumu. Ubora wa majibu waliyopewa wafanyakazi haukuwa na uzito hapo. Programu ingeweza kukataa kila swali, na tatizo la Samsung lingebaki vilevile.

Ndiyo maana onyo lenye faida linahusu mahali, tena lifike mapema na liwe fupi. Sentensi moja inatosha: waraka huu una alama ya siri, kama unatumia akaunti yako binafsi na waraka ni wa ofisi, hakikisha ofisi inaruhusu. Baada ya hapo kazi iendelee. Mtu mzima aliyeambiwa mara moja ameshaambiwa. Onyo linalorudiwa kila aya linamfundisha msomaji kuruka maonyo, na siku litakapokuja onyo la kweli ataliruka nalo.

Sasa turudi kwa mtu wetu na mkataba wake, maana hapo ndipo inaonekana tofauti kati ya muhtasari mzuri na mbovu. Tuseme kurasa zile 14 zina haya. Ajira inakwisha mwisho wa mwezi. Atalipwa mishahara ya miezi 4, malipo yakifanyika ndani ya siku 30. Ana siku 21 za kuamua tangu kupokea waraka, na akishatia saini ana siku 7 za kubadili nia. Anaachia haki ya kumshtaki mwajiri kwa jambo lolote lililotokea kabla ya saini. Hataruhusiwa kufanya kazi kwa washindani kwa miezi 12. Atatunza siri ya masharti yote, isipokuwa kwa mwenzi wake wa ndoa, mwanasheria wake na mshauri wake wa kodi. Akivunja usiri, atarudisha fedha zote. Mwishoni kuna kiambatisho chenye namba yake ya akaunti ya benki na tarehe za likizo zake za ugonjwa pamoja na sababu zake.

Muhtasari mbovu wa aina ya kwanza tumeshauona, nao ni ule usiokuwepo. Wa aina ya pili unafuata waraka ukurasa kwa ukurasa, unanakili kila kitu pamoja na namba ya akaunti na jina la ugonjwa, na kuiweka tarehe ya mwisho katika mstari wa kumi na tano. Aliyeomba aliuliza afanye nini na lini. Namba ya akaunti yake anaijua, na ugonjwa wake anaujua. Kuviandika tena kunazalisha nakala nyingine ya mambo nyeti, ndani ya maandishi mafupi ambayo ni rahisi kuyanakili na kuyatuma kwa mtu mwingine. Kiambatisho kinaweza kutajwa kwa mstari mmoja: kina taarifa zako za benki na za kiafya, zihakiki mwenyewe kwenye waraka.

Muhtasari mzuri unaanza na kalenda. Tuseme alipokea waraka tarehe 3. Kama siku ya kupokea haihesabiwi, siku ya 21 ni tarehe 24. Kama inahesabiwa, ni tarehe 23. Mkataba unasema "tangu tarehe ya kupokea", na maneno hayo hayaamui. Kwa hiyo anayefupisha anapaswa kuisema shaka hiyo na kumwambia achukue tarehe 23 kuwa ya mwisho mpaka athibitishiwe kwa maandishi. Hilo tu lina faida kuliko kurasa mbili za tahadhari kuhusu usiri.

Kisha inakuja sehemu inayohitaji macho makali. Kifungu cha malipo kiko ukurasa wa tatu na kifungu cha kurudisha fedha kiko ukurasa wa kumi na moja, na kila kimoja kikisomwa peke yake hakitishi. Vikikutanishwa, vinasema hivi: miezi 4 ya mshahara utapewa, na neno moja kwa rafiki linaweza kuifuta yote. Mtu aliyechoka hasomi ukurasa wa kumi na moja akiukumbuka wa tatu. Hiyo ndiyo kazi ya muhtasari, kuvikutanisha vilivyotenganishwa, na ndiyo inayopotea programu inapoishia kwenye mhuri. Vivyo hivyo na zile siku 7: je, siku 30 za malipo zinaanza kuhesabiwa tangu saini au tangu siku 7 zipite? Waraka usiposema, muhtasari useme kwamba waraka hausemi, ili mtu aulize kabla ya kusaini.

Na kifungu cha usiri chenyewe? Hapa mhuri unageuka kuwa maudhui. Muhtasari unapaswa kumweleza mtu huyu anaruhusiwa kumwonyesha nani, kwa sababu bila kujua hilo anaweza kuvunja mkataba wakati akitafuta ushauri kwa nia njema. Mwanasheria, ndiyo. Mwenzi wa ndoa, ndiyo. Kaka yake aliyesomea sheria lakini hajaajiriwa kumwakilisha, pengine hapana. Je, kuupakia kwenye programu kunahesabika kumfichulia mtu wa tatu? Kwa kawaida kifungu hakianzi kumfunga kabla hajatia saini, ingawa mkataba wake wa ajira wa zamani unaweza kuwa na kifungu chake cha usiri. Jibu la uhakika litategemea maneno yaliyomo. La busara ni kumwambia kwamba tarehe na masharti yanaweza kuchambuliwa bila majina wala viwango vya fedha, kwa hiyo safari nyingine aviondoe kabla ya kupakia. Ushauri huu unamlinda kweli, nao unawezekana tu kwa aliyekubali kuusoma waraka.

Kuna jambo jingine ambalo mtu huyu anahitaji kulijua na mhuri hautamwambia. Usiri wa mkataba una mipaka yake. Katika nchi nyingi makubaliano ya faragha hayawezi kumziba mtu mdomo kabisa. Uingereza, kwa mfano, kifungu cha 43J cha Sheria ya Haki za Ajira ya mwaka 1996 kinabatilisha sharti lolote linalomzuia mfanyakazi kutoa taarifa ya uovu inayolindwa na sheria. Muhtasari hauna haja ya kugeuka darasa la sheria. Inatosha kumwambia kwamba kama katika yanayomfunga kimya limo jambo la hatari au la jinai, alitaje hilo kwa mwanasheria kabla ya saini.

Na ule ushauri wa kumwona mwanasheria, ambao programu ile iliutoa badala ya kazi, ni ushauri mzuri ukitolewa pamoja na kazi. Anayekwenda kwa mwanasheria akiwa na maswali matano yaliyoandikwa hulipia saa moja. Anayekwenda na kurasa 14 na hofu hulipia tatu.

Nimesema muhtasari urithi alama. Watu huliona hili kuwa urasimu, kwa hiyo nieleze sababu yake. Waraka mrefu unajilinda wenyewe kwa urefu wake. Wachache watausoma wote. Muhtasari umeondoa ulinzi huo. Umechukua mambo mazito matano kutoka kurasa 40 na kuyapanga mbele ya macho, na sasa unaweza kusomwa na mtu anayepita nyuma ya kiti. Ukitoka bila alama, mpokeaji wa pili hatajua kwamba chanzo chake kilikuwa cha siri, naye ataupeleka kwa wa tatu bila kosa lake. Kuandika juu ya muhtasari kwamba umetokana na waraka wenye alama ya SIRI kunagharimu mstari mmoja. Programu nyingi nilizoona zikitumika haziandiki mstari huo, hata zile zinazosita sana kabla ya kuanza. Zimeshikilia mhuri mlangoni na kuusahau zilipoingia ndani.

Lipo pia tatizo ambalo karani wa karatasi hakuwahi kukutana nalo, na ambalo naliona kuwa gumu kuliko yote. Faili la PDF linaweza kuwa na mistari iliyofunikwa kwa kisanduku cheusi huku maandishi yakibaki chini yake. Jicho linaona weusi, lakini ukiyachagua maneno na kuyanakili kwingine, yanatoka yote. Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa kampeni ya Donald Trump, waliwasilisha mahakamani waraka uliofunikwa kwa namna hiyo, na waandishi wa habari wakayasoma yaliyofichwa kwa kunakili na kubandika tu. Programu ya kufupisha inayosoma tabaka la maandishi haioni kisanduku cheusi. Inaona maneno kama maneno mengine. Inaweza kuyaingiza kwenye muhtasari na kumkabidhi mtu ambaye hakujua kabisa kwamba anashika siri, naye akausambaza akiamini kwamba yote yaliyomo ni yale aliyoyaona kwa macho.

Dalili zake zipo. Muhtasari unataja jina au kiasi ambacho hukukiona ukurasani. Au sentensi iliyokatwa na weusi inatokea ikiwa nzima. Ukiona hivyo, rudi kwenye faili, pitisha kishale juu ya eneo jeusi, nakili, ubandike mahali pengine. Maneno yakitokea, kazi ya kuficha haikufanyika.

Afanyeje anayefupisha akikutana na hili? Hapa simshauri anyamaze wala akatae. Aliyefunika mistari ile alionyesha wazi kwamba hakutaka isomwe, na nia hiyo iheshimiwe: yaliyo chini ya weusi yasiingie kwenye muhtasari. Lakini mwenye faili lazima aambiwe kwamba maandishi yanasomeka, na yako ukurasa gani, kwa sababu huenda ndiye anayejiandaa kulituma kwa watu mia moja asubuhi. Kumficha habari hiyo kwa jina la usiri ni kumwacha avujishe siri mwenyewe. Hali ni hiyo pia kwa maoni ya pembeni na marekebisho yaliyofuatiliwa ambayo hayakufutwa ndani ya faili la `.docx`: yatajwe kwamba yapo, yasimwagwe.

Je, kuna wakati wa kukataa? Upo, na hautokani na mhuri. Unatokana na ombi. Mtu akipakia orodha ya wafanyakazi na kuandika kwamba ameipata kwa kuingia kwenye barua pepe ya mwenzake, na sasa anataka achaguliwe wenye madeni na magonjwa ili awatishe kwa siri zao, ameshasema anachokwenda kufanya. Hapo kukataa ni sawa, na kungekuwa sawa hata kama orodha ingekuwa haina alama yoyote. Ni sawa pia kukataa kuchambua maelekezo ya kiufundi ambayo mtu akiyaelewa anaweza kuua wengi, hata yakiwa yameandikwa kwamba ni kwa matumizi ya umma. Lakini hizi ni hali chache, na kila moja inajitambulisha kwa maneno ya mwombaji au kwa uzito wa yaliyomo. Mtu aliyeshika mkataba wake, mjumbe wa bodi anayejiandaa kwa kikao chenye makabrasha 300, muuguzi anayefupisha kumbukumbu za zamu kwa ajili ya zamu inayofuata: hawa ndio wengi, nao wana haki ya kusaidiwa bila kuhojiwa kama washukiwa.

Hali ya katikati ndiyo inayonikosesha usingizi. Tuseme meneja amepakia ripoti ya uchunguzi wa malalamiko ya unyanyasaji kazini. Ni ya siri kweli, kwa sababu nzuri: mashahidi sita walizungumza kwa kuahidiwa kwamba majina yao hayatatoka. Meneja ana haki ya kuwa nayo. Yeye ndiye aliyeagiza uchunguzi. Anaomba muhtasari wa ukurasa mmoja ili awatumie wafanyakazi wote wajue kilichopatikana.

Kukataa kungewaacha wafanyakazi gizani na uvumi ukitawala. Kufupisha kwa uaminifu wote kungewafichua mashahidi. Na kuondoa majina tu hakutoshi, ingawa wengi huishia hapo wakadhani wamemaliza. Ripoti inasema shahidi wa tatu alikuwa zamu ya usiku, alijiunga miezi miwili kabla ya tukio, na alihamishwa idara baadaye. Kila moja ya habari hizo ni ya kawaida. Zikikaa pamoja, kila mtu katika jengo lile anajua ni nani, kwa sababu aliyehamishwa mwezi ule alikuwa mmoja. Jina halikuandikwa popote na bado limetajwa.

Muhtasari wa wafanyakazi wote kwa hiyo hauwezi kuwa muhtasari wa ripoti iliyofupishwa zaidi. Ni waraka mwingine. Unabeba malalamiko yalihusu nini kwa jumla, uchunguzi uliwahoji watu wangapi, uligundua nini kuhusu mwenendo na taratibu, na nini kitabadilika kuanzia lini. Hauna zamu, hauna idara, hauna mfuatano wa matukio unaoweza kulinganishwa na kumbukumbu za mtu. Hauna hata nukuu, maana watu hutambuana kwa namna wanavyosema kuliko kwa majina. Anayeufupisha amwambie meneja ameacha nini na kwa nini, ili meneja asivirudishe kwa kudhani vilisahauliwa, na kama meneja anahitaji maelezo yote kwa ajili ya uamuzi wake mwenyewe, aandaliwe karatasi ya pili, yenye alama, isiyotoka mezani kwake.

Kisha kabla ya kutuma, meneja amtafute mmoja wa mashahidi wale sita na kumwonyesha ule ukurasa mmoja. Shahidi ataujua mstari unaomtaja hata kama mwandishi hakuuona.